Ndani ya Pafu la Mtu Aliyesimama

Daktari anapoitundika picha ya eksirei ya kifua mbele ya taa, macho ya wengi wetu huenda kwenye mbavu na kivuli cha moyo, kwa kuwa ndivyo vinavyojitokeza kwanza. Ukipata nafasi ya kuitazama kwa utulivu, ifuate ile mistari myeupe inayoanzia katikati ya kifua na kugawanyika kuelekea pembeni kama inayochipuka. Hiyo ni mishipa ya damu ya mapafu. Ikiwa mtu alipigwa picha akiwa wima, mistari inayoshuka huwa minene kuliko inayopanda, na karibu na mtulinga inakuwa myembamba mno hata jicho linaipoteza. Mtu huyo hana ugonjwa. Picha inaonyesha tu kwamba damu ina uzito, na kwamba kifuani, kama popote pengine duniani, kilicho kizito huelemea chini.

Tumezoea kulifikiria pafu kama kitu kimoja kinachofanya kazi moja mahali pote: hewa inaingia, damu inapita, oksijeni inavuka. Kwa mtu aliyesimama au kuketi mambo hayaendi hivyo. Sehemu ya juu na sehemu ya chini zinaishi maisha tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini muuguzi humgeuza mgonjwa wa nimonia ubavu mmoja na si mwingine, kwa nini mzee aliyetoka kupasuliwa tumbo huketishwa kitandani, na pengine hata kwa nini kifua kikuu cha watu wazima hupenda kuanzia juu.

Tuanze na damu, maana hesabu yake ni nyepesi. Pafu la mtu mzima aliyesimama lina kimo cha karibu sentimita 30. Ncha yake inapanda juu kidogo ya mtulinga, na kitako chake kinakaa juu ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mshipa unaoleta damu kutoka moyoni huingia takriban katikati ya kimo hicho. Kwa hiyo damu iendayo nchani inapanda sentimita 15 hivi, na iendayo kitakoni inashuka sentimita 15.

Sasa, msukumo wa kuipandisha ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Presha tunayopimwa mkononi, ile ya 120 kwa 80, ni ya upande wa kushoto wa moyo, unaosukuma damu kwenda mwili mzima. Upande wa kulia, unaosukuma damu mapafuni, hutoa 25 kwa 8 tu, na wastani wake ni kama 15. Wastani huo unatosha kuinua damu kimo cha sentimita 20 hivi na si zaidi. Toa sentimita 15 za mpando, na nchani mwa pafu unabaki msukumo wa sentimita 5. Upande wa chini uzito wa damu yenyewe unasaidia: 20 jumlisha 15, unapata 35. Kutoka ncha hadi kitako msukumo umeongezeka mara saba, ndani ya kiungo kimoja ambacho kimo chake hakizidi rula ya mwanafunzi.

Kuna jambo jingine kuhusu zile sentimita 5 za nchani, nalo ni kwamba ni wastani. Moyo unapobana, msukumo unapanda na damu inafika juu kabisa. Unapolegea, msukumo unashuka hadi kiasi kisichoweza kuinua damu zaidi ya sentimita 11, na ncha iko sentimita 15 juu. Kwa mtu mzima wa afya aliyetulia, basi, ncha ya pafu hupata damu kwa vipindi, pigo kwa pigo, na katikati ya mapigo mkondo unakatika.

Unaweza kuuona uzito huu wa damu mwilini mwako sasa hivi. Ushushe mkono wako ubavuni kwa nusu dakika uitazame mishipa ya mgongo wa kiganja: imetuna, ukiibonyeza inarudi. Kisha uinue mkono huohuo juu ya kichwa. Mishipa inanywea, na ngozi juu yake inakuwa bapa. Mkononi damu haikatiki, kwa sababu moyo wa kushoto una nguvu za kutosha kuifikisha huko na zaidi. Pafuni nguvu ni ndogo, na tena vishipa vyake vidogo kabisa, kapilari, vimetandazwa kwenye kuta za vifuko vya hewa vilivyo laini kama utando. Hewa iliyomo ndani ya vifuko hivyo inavikandamiza kutoka nje. Pale ambapo msukumo wa damu unazidi ule wa hewa, kapilari inabaki wazi. Pale ambapo hewa inazidi, kapilari inabanwa bapa na damu haipiti.

Kwa mtu mwenye afya hali hiyo ya pili karibu haitokei, kwa kuwa zile sentimita 5 zinatosha japo kwa shida. Ajali ya barabarani ndiyo inayoileta. Mtu akipoteza damu nyingi, msukumo wa moyo wa kulia unashuka na ncha za mapafu zinakauka. Akiunganishwa na mashine ya kupumulia inayosukuma hewa kwa nguvu, hewa hiyo inazibana kapilari zaidi. Kifua kinapanda na kushuka vizuri, lakini sehemu ya hewa inaingia na kutoka bila kukutana na damu. Wahudumu wa chumba cha upasuaji huligundua hili kwenye kipimo cha hewa ya ukaa inayotoka na pumzi: mstari wake kwenye skrini unashuka, ingawa mashine haijabadilishwa chochote. Hewa inayorudi bila kugusa damu haina hewa ya ukaa ya kurudi nayo.

Kuna pia ugonjwa unaoupindua mpangilio wote, na katika hospitali zetu si mgeni. Mtoto aliyeugua mafindofindo mara kwa mara bila tiba kamili anaweza kupata homa ya rumatiki, na miaka mingi baadaye valvu ya kushoto ya moyo wake ikaja kuwa nyembamba. Damu inayotoka mapafuni inakwama kuingia moyoni, na msukumo unarudi nyuma hadi kwenye mapafu. Kitakoni, ambako msukumo ulikuwa mkubwa tangu mwanzo, maji yanaanza kuvuja nje ya mishipa na kuibana, na damu inahamia juu. Kwenye picha ya eksirei mistari ya juu sasa inakuwa minene kuliko ya chini. Daktari mzoefu huitazama dalili hiyo mapema kabisa, lakini kwanza huuliza picha ilipigwaje. Mgonjwa aliyepigwa akiwa amelala chali hana juu wala chini kifuani mwake, na kwake mishipa ya juu hutuna hata kama moyo ni mzima. Wengi wamesomewa ugonjwa wa moyo usiokuwepo kwa sababu hakuna aliyeandika kando ya picha kwamba mgonjwa alikuwa kitandani.

Yote haya yalipimwa kwa uhakika mjini London. Mwaka 1960 John West, daktari kijana kutoka Australia, na mwenzake Colin Dollery walikuwa katika Hospitali ya Hammersmith, ambako palikuwa na mashine ya saiklotroni ya kutengeneza elementi zenye mionzi. Walitengenezewa hewa ya ukaa yenye oksijeni ya mionzi ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya dakika 2. Kasi hiyo iliwabana, kwa maana gesi ilitakiwa itumike papo hapo, pembeni mwa mashine iliyoitoa. Mtu aliyejitolea aliketi wima, vipimo vya mionzi vikawekwa mbele na nyuma ya kifua chake, akavuta pumzi moja ya gesi ile, kisha akaizuia kwa sekunde kadhaa.

Hapo ndipo lilipo jambo la kuvutia. Pumzi ilipoingia, sindano ya kipimo ilipanda kwa kuwa mionzi ilikuwa imefika mahali kipimo kilipoelekezwa. Wakati pumzi imezuiwa, hewa ya ukaa ilikuwa inayeyuka katika damu na kuchukuliwa nayo. Penye damu nyingi mionzi iliondoka upesi, na sindano ikashuka kwa mteremko mkali. Walipoweka vipimo kwenye kitako cha pafu, ndivyo ilivyokuwa. Kadiri walivyovisogeza juu, mteremko ulipungua, na nchani ulikuwa karibu ubapa: gesi ilikaa tu, kwa kuwa damu ya kuichukua ilikuwa kidogo mno. Walipomlaza mtu chali, tofauti ya ncha na kitako ilitoweka. Alipofanya mazoezi akiwa wima, moyo ulisukuma kwa nguvu zaidi na ncha nayo ikapata damu yake. Sijui kama kuna njia iliyo wazi zaidi ya kuonyesha kwamba kilichohusika ni uzito, wala si kasoro ya mishipa ya juu.

Upande wa hewa ndio unaowachanganya watu, hata wanafunzi wa udaktari. Vifuko vya hewa vya juu ni vikubwa kuliko vya chini, karibu mara nne kwa ujazo, pale mtu anapomaliza kutoa pumzi ya kawaida. Mtu akisikia hivyo hudhani kwamba hewa nyingi zaidi huenda juu. Kumbe kila pumzi mpya huingia zaidi chini.

Sababu inaanza na uzito wa pafu lenyewe. Pafu lenye hewa na damu yake lina uzito wa kama robo ya maji ya ujazo uleule. Ni jepesi, lakini si bure. Kwa kimo cha sentimita 30, uzito huo ni sawa na sentimita 7 na nusu za maji. Pafu halikushikizwa kifuani kwa kamba. Limebaki wazi kwa sababu linanyonywa kuelekea ukuta wa kifua kupitia ile nafasi nyembamba kati ya utando wake na utando wa mbavu. Juu, ambako uzito wa pafu zima unaning'inia, unyonyaji huo ni mkali, kama sentimita 10 za maji. Chini, ambako pafu limejikalia kwenye kiwambo, ni sentimita 2 na nusu tu. Tofauti ya namba hizo mbili ni ile 7 na nusu tuliyoipata kutokana na uzito.

Chukua sasa ule mpira wa tyubu ambao vijana hukatia vipande vya kufungia mizigo kwenye baiskeli. Ukiwa umelegea, uvute kidogo tu na unarefuka vizuri. Ukiwa tayari umekazwa juu ya gunia, uvute kwa nguvu ileile na hauendi mbali. Vifuko vya juu ni ule mpira uliokazwa: vimevutwa mno na uzito wa pafu lililo chini yake, na vina nafasi ndogo ya kupanuka zaidi. Vya chini vimelegea. Kiwambo kinaposhuka na kuvuta vifuko vyote kwa pamoja, vilivyolegea ndivyo vinavyopokea hewa nyingi. Kwa hiyo ukubwa wa kifuko hautuambii kinapata hewa kiasi gani. Tunahitaji kujua kinabadilika kiasi gani kati ya pumzi moja na nyingine.

Mpaka hapa hewa na damu zote zinaelekea chini, na ingekuwa hivyo kwa kiasi kilekile, kusingekuwa na habari ya kuandika. Lakini damu inaelekea chini kwa ukali zaidi. West alilichora pafu likiwa limekatwa vipande 9 vya kimo kimoja. Kipande cha juu kabisa hupata hewa lita 0.24 kwa dakika na damu lita 0.07. Kipande cha chini kabisa hupata hewa lita 0.82 na damu lita 1.29. Kipande cha chini chenyewe ni karibu mara mbili ya kile cha juu kwa ujazo, kwa hiyo hatuwezi kulinganisha kibubusa. Ukirekebisha ukubwa huo, eneo la chini linapata hewa karibu mara mbili ya eneo la juu, ila damu linapata karibu mara kumi.

Tazama maana yake. Nchani, kwa kila lita ya damu kuna lita 3 na ziada za hewa. Kitakoni, kwa kila lita ya damu hakuna hata theluthi mbili za lita. Ncha ina hewa nyingi na damu haba; kitako kina damu nyingi na hewa isiyoitosha. Oksijeni katika vifuko vya juu hubaki na shinikizo la milimita 132 za zebaki, kwa sababu wa kuichukua ni wachache. Vya chini vina 89. Hewa ya ukaa ni kinyume chake: 28 juu na 42 chini.

Mtu angetarajia kwamba ukwasi wa juu ungefidia upungufu wa chini, damu zikichanganyika moyoni zikatoka sawa. Hazitoki sawa, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni wingi: damu itokayo kitakoni ni nyingi mno kuliko itokayo nchani, kwa hiyo mchanganyiko unafanana zaidi na ya kitakoni. Ya pili ni hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni. Ikishajaa imejaa. Damu ya nchani ikipewa oksijeni ya ziada haina pa kuiweka, na haiwezi kubeba deni la wenzake wa chini. Ndiyo maana hata kwa mtu mwenye afya kamili, oksijeni ya damu inayotoka mapafuni hupungua kidogo kuliko ile ya hewa iliyomo mapafuni. Katika hesabu ya West pungufu hilo linalotokana na uzito peke yake ni milimita 4 tu. Mwenye afya halisikii. Nimeieleza hesabu hii kwa kirefu kwa sababu mgonjwa hulisikia deni hilohilo likiwa limekuzwa mara nyingi, na kwa kanuni ileile.

Tuchukue mzee mwenye nimonia iliyojaza sehemu kubwa ya pafu la kulia. Amelala kwa ubavu wa kulia kwa kuwa hapo maumivu yanatulia, na kipimo cha kidoleni kinaonyesha asilimia 87. Amewekewa oksijeni, namba inapanda kidogo kisha inagoma. Muuguzi anakuja: "Shikamoo mzee. Samahani, naomba tukugeuze ulalie kushoto." Mzee analalamika, lakini anageuzwa na kuegemezwa kwa mto. Baada ya dakika chache kipimo kinasoma 92, bila kuongezwa dawa wala oksijeni.

Kilichotokea ni kwamba akiwa amelalia kulia, pafu la kulia ndilo lililokuwa chini, na damu ililielemea kwa uzito wake. Ilikuwa inapita kwenye vifuko vilivyojaa usaha na maji, ambamo hewa haiingii, na inatoka upande wa pili ikiwa vilevile ilivyoingia. Oksijeni ya barakoa haisaidii sana hapo, kwa sababu haifiki ilipo damu hiyo, na damu ya pafu zima la kushoto imekwisha kujaa. Mishipa ya pafu ina desturi ya kujibana yenyewe mahali pasipo na oksijeni ili kuipeleka damu kwingine, lakini katika nimonia kujibana huko mara nyingi ni dhaifu. Alipogeuzwa, pafu zima likawa chini. Damu ikaenda penye hewa.

Kanuni ya kulalia upande mzima ina mipaka ambayo lazima ijulikane. Mgonjwa anayetoka damu ndani ya pafu, au mwenye jipu lililopasuka humo, akilalia upande mzima anaweza kumwagia uchafu kwenye pafu lililokuwa salama. Huyo hulazwa kwa ubavu mbovu. Na kwa watoto wachanga mambo hugeuka. Mbavu zao ni laini, na pafu lililo chini hubanwa hata likakosa hewa, kwa hiyo mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa pafu moja mara nyingi hupumua vizuri zaidi pafu zima likiwa juu. Mama anayeuguza mtoto asiige alichoona kitanda cha jirani. Aulize.

Mzee wa kupasuliwa tumbo ana shida ya aina nyingine. Ule mpira uliolegea wa kitakoni una hatari yake: ukilegea kupita kiasi, vijia vidogo vya hewa vinavyouelekea vinajifunga. Kijana hufikia hali hiyo akijilazimisha kutoa pumzi yote hadi mwisho, na hapo pumzi ndogo inayofuata huenda juu, kinyume na kawaida. Kadiri umri unavyosonga, mapafu yanapoteza unyumbufu na vijia vinajifunga mapema zaidi. Kufikia miaka kama 65, vinaweza kujifunga ndani ya pumzi ya kawaida hata mtu akiwa ameketi. Akilala chali, matumbo yanasukuma kiwambo juu, mapafu yanapungua ukubwa, na kufunga huko kunaanza tangu akiwa na miaka 40 na kitu. Ongeza kidonda cha tumbo kinachouma kila akivuta pumzi, na vifuko vya chini vinabaki vimefungwa saa nzima baada ya saa nzima huku damu ikiendelea kuvipitia. Muuguzi anayemketisha na kumsisitiza, "Vuta pumzi ndefu, babu, ishikilie," anafungua vijia hivyo. Ndugu waliokuja kumwona, wanaodhani kuketishwa ni kumtesa, wanamsaidia sana wakishiriki kumkumbusha.

Kuhusu kifua kikuu nitasema kwa tahadhari. Inajulikana vizuri kwamba kwa watu wazima ugonjwa huu, unapoamka baada ya kulala mwilini kwa muda, hupenda kukaa sehemu za juu za mapafu, na mashimo yake huonekana huko kwenye eksirei. Kimelea chake kinapenda oksijeni, na tumeona kwamba nchani ndiko iliko nyingi. Damu haba humaanisha pia chembe chache za kinga zinazofika na maji machache ya limfu yanayosafisha. Maelezo haya mawili yanakubalika kwa wataalamu wengi, na nadhani yote yana sehemu yake, lakini hakuna lililofunga mjadala.

Je, uzito ni jibu la kila kitu? Mwezi Juni mwaka 1991 chombo cha Columbia kilipaa na maabara ya kibaiolojia kwa siku 9, na West, ambaye wakati huo alikuwa California, alikuwa na kikundi chake kilichopima mapafu ya wanaanga wakiwa hawana uzito. Kama mvutano wa dunia ndio pekee uliosababisha tofauti, basi huko ingetakiwa kutoweka kabisa. Ilipungua sana. Haikwisha. Sehemu nyingine ya tofauti, basi, imejengwa katika pafu lenyewe, katika namna mishipa inavyogawanyika mara kwa mara, tawi moja likipata kidogo zaidi ya pacha wake, hadi mwisho sehemu mbili zilizo kwenye kimo kimoja zikawa hazilingani.

Jambo hilo lilipata umuhimu wake katika wodi za wagonjwa mahututi. Ufaransa, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwalaza kifudifudi wagonjwa walioharibika vibaya mapafu yote mawili, saa 16 au zaidi kila mara. Katika siku 28 walifariki asilimia 16 kati yao, ilhali kati ya waliobaki chali walifariki karibu asilimia 33. Kama uzito ungekuwa bwana pekee, kumgeuza mgonjwa kungehamisha damu yote mbele, pamoja na tatizo lake. Sivyo ilivyo. Mgonjwa anapolala kifudifudi, sehemu kubwa ya damu hubaki ikipita upande wa mgongo, kwa kuwa mishipa ya huko ndivyo ilivyojengwa. Lakini vifuko vya mgongoni, vilivyokuwa vimekandamizwa na uzito wa moyo na wa pafu lililovimba, vinaachiwa na kufunguka. Hewa inaingia mahali ambapo damu haikuondoka. Ndiyo kazi waliyoifanya wauguzi wengi wakati wa Korona, wanne au watano kwa kila mgonjwa, mmoja akiwa kichwani kushika mpira wa hewa usichomoke, wakihesabu pamoja kabla ya kumgeuza.